Kabla Hakimu Hajasema: Namna ya Kuandika Habari za Mahakamani

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama mmoja katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Ruaha Mbuyuni)



Kamati ya maandalizi iliponiandikia kunitaka nizungumze juu ya habari za mahakamani, ilitoa sababu moja ambayo niliiona ni ya haki. Ilisema kuwa kati yetu wako watatu wanaopeleka habari redioni na magazetini, wako walimu wanaosimamia magazeti ya shule, na waliobaki wote tuna simu ambazo kila siku zinatuletea na kupeleka habari za watu waliokamatwa. Mimi si mwanasheria. Ni afisa habari serikalini, na kazi hiyo imenikalisha katika mabenchi ya mahakama za Iringa na Mbeya kwa miaka mingi kuliko nilivyotazamia nilipomaliza chuo kikuu.

Nina sababu nyingine ya kukubali. Yuko mwenzetu, tuliyelala naye bweni moja, ambaye alishitakiwa kwa kuiba fedha za chama cha wakulima. Siku aliposhitakiwa jina lake lilitangazwa asubuhi na jioni. Kesi ilikwenda mwaka na miezi, mashahidi wakasikilizwa, na mahakama ikamwachia huru kwa kuwa hakuna lililothibitika. Siku hiyo hapakuwa na mwandishi hata mmoja pale mahakamani. Hadi leo yako maduka ambayo hawezi kukopeshwa mfuko wa mbolea. Leo hakuja, na sitamtaja.

Nitaanza na kesi ambayo wengi wenu mnaikumbuka, kwa sababu ilitokea mkoani kwetu na kwa sababu waliotakiwa kuiandika walikuwa ndio wafiwa. Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo, wilayani Mufindi, polisi waliingilia kati shughuli ya chama cha Chadema ya kufungua tawi. Daudi Mwangosi, mwandishi wa Chaneli Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari ya Iringa, alikuwa kazini pale. Alizingirwa na askari, akapigwa, kisha akalipuliwa tumboni kwa bomu la machozi kutoka karibu sana, akafa papo hapo. Waandishi wenzake walikuwa na kamera, na picha zao zilitoka magazetini mara moja. Katika mwezi huo huo askari mmoja kijana wa Kikosi cha Kutuliza Ghasia alifikishwa mahakamani Iringa kwa shitaka la kuua kwa kukusudia.

Sasa jiwekeni katika nafasi ya mwandishi wa Iringa wa siku zile. Aliyekufa ni mwenyekiti wako. Picha unazo. Kila mtu mjini anasema anajua. Je, unaandika nini?

Picha za tarehe 2 zilipotoka hapakuwa na mshitakiwa wala kesi. Wananchi walikuwa na haki ya kuona lililotokea, na kwa maoni yangu wahariri waliozichapa walifanya sawa. Ila mtu anapofikishwa mbele ya hakimu na kusomewa shitaka, hali inabadilika siku hiyo hiyo. Kanuni ya Adhabu yetu, katika fungu linalohusu kudharau mahakama, inasema kuwa wakati shauri linaendelea ni kosa kuchapisha au kutamka maneno yanayopotosha shauri hilo, au yanayoweza kumfanya mtu aelemee upande mmoja wa shauri kabla ya wakati. Angalieni kuwa sheria hiyo haisemi ‘mwandishi wa gazeti’. Inasema mtu yeyote. Kwa hiyo na yule anayeandika katika kikundi cha simu cha ukoo wake imo ndani.

Kesi ile ilichukua karibu miaka minne. Julai 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa, mbele ya Jaji Dakta Paul Kihwelo, ilimtia hatiani yule askari kwa kosa la kuua bila kukusudia, ikampa kifungo cha miaka 15. Wako waliosema adhabu ilikuwa ndogo, na wako waliouliza kuhusu wakubwa waliokuwapo pale, na baada ya hukumu walikuwa huru kuyasema hayo. Lakini tazameni tofauti iliyopo kati ya shitaka na hukumu. Shitaka lilisema alikusudia. Mahakama ilikuta kuwa aliua, ila kukusudia hakukuthibitika. Mtu aliyeandika mwaka 2012 kuwa yule askari ‘alidhamiria kumuua Mwangosi’ aliandika kama jambo lililokwisha jambo ambalo mahakama, baada ya kuwasikiliza mashahidi wote, haikuliona limethibitika. Na mwandishi aliyeandika kuwa askari huyo ‘anashitakiwa kwa kuua kwa kukusudia’ aliandika kweli mwaka 2012, na maneno yake ni kweli hata leo.

Mtaniambia kuwa pale kila mtu aliona aliyefyatua. Sawa, tuseme aliona. Wazee wa Isimani watawakumbusha kesi ya Krismasi ya mwaka 1971, pale mkulima Saidi Mwamwindi alipompiga risasi Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dakta Wilbert Kleruu, kisha akaipeleka mwenyewe maiti yake kituo cha polisi. Nani aliua halikuwa swali hata kidogo. Hata hivyo Mahakama Kuu ilikaa, ikasikiliza mashahidi, kwa kuwa palikuwa na swali jingine: je, akili yake ilikuwa timamu alipofanya vile? Swali hilo lilijibiwa dhidi yake na akahukumiwa kifo, lakini lilikuwa swali la kweli, na halikuweza kujibiwa na mtu aliyesimama barabarani.

Wengine huuliza, na swali hili ni zuri: sisi hatuna baraza la wananchi la kuamua hatia kama Uingereza na Marekani, anayeamua ni jaji au hakimu, mtu aliyesomea kazi yake. Je, jaji ataharibiwa na gazeti? Mimi nasema jaji pengine hataharibiwa. Anayeharibiwa ni shahidi. Hilo ndilo ningependa mtoke nalo hapa, maana vitabu vingi vya uandishi tulivyosoma vimeandikwa katika nchi za wenzetu, na vinamzungumzia zaidi yule mwamuzi wa kule kuliko shahidi wa huku.

Chukueni mfano wa gwaride la utambulisho. Mtu ameibiwa usiku, ameona uso wa mwizi kwa mwanga wa kurunzi. Polisi wamemkamata mshukiwa. Wanampanga mstari pamoja na watu wengine wanaofanana naye kwa umri, kimo na mavazi, kisha wanamwita aliyeibiwa amguse yule aliyemwona. Utambulisho huo una maana tu ikiwa shahidi hajamwona mshukiwa popote tangu usiku ule. Mwandishi akipewa picha ya mshukiwa akaichapa siku moja kabla ya gwaride, shahidi atakapofika pale atamgusa mtu aliyemwona gazetini, na wakili wa utetezi hatahitaji zaidi ya kuonyesha gazeti lenyewe. Ikiwa mshukiwa ndiye mwizi, mwandishi amemsaidia kutoka. Ikiwa siye, amemsaidia kufungwa. Kwa hiyo ukiona polisi wenyewe wamewapanga watu mbele ya kamera, uliza kwanza kama gwaride limekwisha fanyika, na kama hupati jibu, piga picha ya ule mzigo wa bidhaa na uache nyuso.

Kadhalika shahidi wa tano huambiwa akae nje ya chumba cha mahakama asisikie anayosema shahidi wa pili. Akirudi nyumbani jioni, redio inamsomea yote. Kutangaza yaliyosemwa katika mahakama ya wazi ni halali, wala sisemi tuache. Ila ndiyo sababu yatangazwe yalivyosemwa, bila chumvi, maana huenda shahidi akaanza kukumbuka maneno ya mtangazaji badala ya aliyoyaona mwenyewe.

Sasa tufanye kazi kwa mfano. Kisa hiki nimekitunga, lakini ninyi wenyeji wa Ruaha Mbuyuni mtakitambua, kwa kuwa kinahusu zamu ya maji ya mfereji katika mashamba ya vitunguu, jambo ambalo nasikia limewahi kuwagombanisha hata baadhi ya waliomo ukumbini. Mwandishi wetu ameleta habari hii:

‘Muuaji wa mkulima wa vitunguu aliyepigwa jembe mferejini amefikishwa mahakamani jana. Muuaji huyo, ambaye aliwahi kufungwa kwa wizi wa mbuzi, amekwisha kiri kwa polisi kuwa alimpiga marehemu kwa hasira. Alikana shitaka hilo na kesi ikaahirishwa. Wananchi wenye hasira wamesema anyongwe.’

Habari ni fupi na ina makosa sita. Nitayapitia jinsi mhariri mzuri angeyapitia, na kalamu nyekundu mkononi.

Neno ‘muuaji’ limetumika mara mbili, na hilo ndilo jepesi kulirekebisha: yeye ni mshitakiwa, na atabaki mshitakiwa mpaka siku ya hukumu. Yale maneno ‘aliyepigwa jembe’ nayo yamewekwa kana kwamba hayana ubishi, kumbe huenda daktari atakuja kusema alianguka juu ya jiwe la mfereji. Andika kuwa ‘anadaiwa’ au ‘kwa mujibu wa hati ya mashitaka’. Wako wanaodhani neno ‘anadaiwa’ ni dawa ya kila ugonjwa, wakalinyunyiza kila mstari. Siyo. Linasema kuwa yuko mdai, na mwandishi amtaje mdai huyo ni nani.

Kile kifungo cha mbuzi hakina nafasi kabisa. Sheria yetu ya ushahidi kwa kawaida hairuhusu upande wa mashitaka kuleta makosa ya zamani ya mshitakiwa ili kuonyesha kuwa ni mtu mbaya. Hakimu akishamtia mtu hatiani, hapo ndipo huuliza kama anayo kumbukumbu ya makosa ya nyuma, ili apime adhabu. Jambo ambalo mahakama yenyewe inajizuia kulisikia kabla ya hukumu, wewe unalipaka wino kwa faida ya nani?

Kukiri ndiko kunakotia watu wengi mtegoni, kwa kuwa habari yenyewe ni tamu na mara nyingi imetoka kwa mtu mwenye cheo. Maelezo ya mshitakiwa mbele ya polisi, au mbele ya mlinzi wa amani, hayawi ushahidi kwa kuwa yameandikwa tu. Siku yatakapoletwa mahakamani, utetezi unaweza kusema yalitolewa kwa kipigo au kwa ahadi. Hapo jaji husimamisha kesi kubwa na kusikiliza kesi ndogo ndani yake, juu ya swali moja tu: je, maelezo haya yalitolewa kwa hiari? Akiona hayakutolewa kwa hiari, anayakataa, na kesi inaendelea kana kwamba hayapo. Nawaombeni mfikirie aibu ya mwandishi ambaye miezi kumi kabla ya siku hiyo amekwisha watangazia watu wote kuwa mshitakiwa amekiri.

Kosa la tano halionekani kwa jicho la haraka. Imeandikwa kuwa mshitakiwa ‘alikana’. Hakukana. Shitaka la kuua kwa kukusudia linapoanzia katika mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, hakimu humsomea mshitakiwa shitaka kisha humweleza kuwa hatakiwi kujibu lolote, kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo. Atajibu Mahakama Kuu. Basi anarudishwa rumande, na kesi inakuja kutajwa tena na tena hadi upelelezi ukamilike. Kutajwa si kusikilizwa. Nimesoma habari zilizosema ‘kesi imesikilizwa jana’ wakati lililofanyika ni karani kuita namba, mwendesha mashitaka kusema upelelezi haujakamilika, na hakimu kupanga tarehe. Dakika tatu kwa saa ya ukutani.

Na wale ‘wananchi wenye hasira’ ni akina nani, wangapi, na walisema wapi? Hata wakiwa ni watu mia, kuomba mtu anyongwe siku alipofikishwa mahakamani si habari ya kesi. Mwandishi anaweza kusema kuwa watu wengi walikusanyika nje ya mahakama na polisi wakaimarisha ulinzi. Hayo yaliyofanyika yaandikwe.

Habari iliyosafishwa itakuwa hivi: ‘Mkulima wa Ruaha Mbuyuni’, hapo taja majina yake yote matatu na umri wake, ‘alifikishwa jana katika Mahakama ya Wilaya kwa shitaka la kuua kwa kukusudia. Mwendesha mashitaka alidai mbele ya hakimu kuwa mshitakiwa alimuua mkulima mwenzake kwenye mfereji wa maji. Mshitakiwa hakutakiwa kujibu shitaka kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji. Amerudishwa rumande hadi kesi itakapotajwa tena’, nawe utaje tarehe. Ni kavu kidogo, nakubali. Lakini hakuna neno hapo litakalohitaji kuombewa radhi.

Majina matatu na umri si mapambo. Katika kata moja ya kwetu utakuta akina Juma Sanga, au akina Petro Mgaya, wanne au watano, na mmoja wao ni mwalimu. Usichukue jina kwa kulisikia. Karani anapolitamka haraka na mlango unalia, utaandika jina la mtu mwingine. Nenda kwa karani kabla ya saa ya kesi, uombe kwa adabu kuona jina na namba ya shauri, unakili herufi kwa herufi. Andika pia jina na cheo cha hakimu, na majina ya mawakili wa pande zote mbili. Simu yako iwe mfukoni imezimwa. Kupiga picha au kurekodi sauti kunataka ruhusa ya anayeendesha shauri. Wala usitegemee wakili akusimulie koridoni ulilolikosa ndani, kwa maana wakili analipwa asimulie upande mmoja, na si kosa lake.

Hapo nimegusa suala la usawa. Kesi zetu huanza na mashahidi wa mashitaka, na siku hizo ndizo zenye vichwa vya habari vizuri. Shahidi anasema asubuhi kuwa alimwona mshitakiwa kwa macho yake. Mwandishi anaondoka saa tano awahi kupeleka habari. Saa sita wakili wa utetezi anasimama kumhoji shahidi yule yule, na inaonekana kuwa alikuwa hatua mia mbili mbali na jua lilikuwa limekwisha zama. Nusu ya pili haikuandikwa popote. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inailinda taarifa ya mwenendo wa mahakama dhidi ya madai ya kashfa, ila inailinda taarifa iliyo ya haki, nayo nusu ya asubuhi siyo. Kama huna budi kuondoka, andika kuwa shahidi alikuwa bado hajahojiwa na upande wa utetezi, kisha urudi kesho.

Na maneno ya mwisho wa kesi yatofautishwe. Mahakama ikisema mshitakiwa ‘ana kesi ya kujibu’, haijasema ana hatia. Imesema tu kuwa yaliyoletwa yanatosha kumtaka ajitetee. Mwendesha Mashitaka akiliondoa shauri, mshitakiwa anatoka, lakini anaweza kukamatwa tena, na mara nyingine hukamatwa mlangoni. Aliyeachiwa huru baada ya mashahidi kusikilizwa hayuko katika hali hiyo hata kidogo, na aliyetoka kwa dhamana ni mbali zaidi. Nimewaona wote hawa wakiandikwa ‘waachiwa’, kwa herufi kubwa.

Yako pia mambo ambayo hayaandikwi hata baada ya hukumu. Katika kesi za makosa ya kujamiiana, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka ushahidi usikilizwe faraghani, na inakataza vyombo vya habari kuchapisha ushahidi huo na mashahidi wake. Mtoto aliyeko mahakamani, awe mshitakiwa au mwathirika, asitambulishwe. Na katika vijiji vyetu kumtambulisha hakuhitaji jina. Ukiandika ‘mwanafunzi wa darasa la sita anayeishi kwa mjomba wake, mwenye mashine ya kusaga karibu na daraja’, umekwisha mtaja. Walimu mnaosimamia magazeti ya shule, hili nawaachia ninyi hasa.

Nilikuwa nimeulizwa pia kama basi mwandishi akae kimya kwa miaka minne. Hapana. Katika kesi ya Mwangosi, kabla ya mwaka 2012 kwisha, ilitoka taarifa ya kamati iliyoongozwa na Jaji mstaafu Stephen Ihema, na nyingine ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Waandishi walikuwa na haki ya kuuliza polisi wanapewa amri gani wanapokwenda kwenye mikutano, nani hutoa amri hizo, na waandishi walindwe vipi wanapokuwa kazini. Maswali hayo yanahusu utaratibu wa nchi na hayakuwa na haja ya kungoja. Lililotakiwa lingoje ni moja tu: je, huyu aliyesimama kizimbani anayo hatia, na ni ya kosa lipi? Na baada ya hukumu, nakala ya hukumu husomwa na yeyote. Mwandishi aisome yote, siyo ule ukurasa wa mwisho wenye idadi ya miaka, kisha aikosoe hoja kwa hoja akitaka.

Ndugu Mwenyekiti, naona chakula kimefika na harufu ya wali inanishinda nguvu. Wale watatu wanaopeleka habari redioni nitakaa nao baada ya chakula chini ya mbuyu, waje na habari walizokwisha andika.